Shukrani ya meseji sita niliyoibana ikaingia kwenye moja

Nina steshenari Mtwara mjini, napiga chapa barua, natoa kopi, nalaminisha vyeti, na watu wakishanizoea wanakuja na kazi ambazo hazipo kwenye bango la nje. Moja ya hizo ni kuandikiwa shukrani. Mtu kauguliwa, kafiwa, kaozesha, kuna mtu kamfanyia jambo kubwa na anataka kumwambia ahsante, ila kila akianza kuandika anajikuta ameandika gazeti. Anakuja na daftari au ananipa simu yake anasema hebu nipunguzie hii ila isipoe. Hilo la "isipoe" ndo gumu, maana kupunguza maneno kila mtu anaweza.

Nitaeleza kwa meseji moja tu ambayo niliifanya na mama mmoja kutoka Nanyamba, amenipa ruhusa niielezee bila kumtaja jina. Mwanae wa kiume alidondoka kwenye mwembe akavunjika paja, wakaja kutibiwa mjini, na muda wote ule mama na mtoto walifikia Shangani kwa wifi yake, yaani shangazi wa huyo mtoto. Mtoto alipopata nafuu wakarudi kijijini. Baadae mama akaja mjini kwa shughuli zake akanipitia na simu yake ya kiswaswadu, ndani kuna hii aliyoiandika kidogo kidogo usiku:

"Asalamu alaykum wifi yangu mpendwa, natumaini u mzima wa afya wewe pamoja na familia yako yote, na sisi huku Nanyamba hatujambo kiasi. Dhumuni la ujumbe huu ni kutaka kukushukuru sana kwa mambo yote uliyotufanyia mimi na mwanao kipindi chote tulichokuwa hapo kwako Shangani wakati wa matibabu, samahani nimechelewa kuandika, tulipofika tu tukaingia kwenye kuokota korosho na simu nayo ilikuwa haina chaji. Sina cha kukulipa wifi yangu, Mungu ndiye atakayekulipa, ulitupokea vizuri, ulitupatia chumba, ulikuwa unaamka alfajiri kumchemshia mtoto maji ya kuoga na kumpikia uji kabla hujaenda kazini kwako, hata mama yangu mzazi asingefanya zaidi. Mfikishie salamu shemeji na watoto wote na majirani wote waliokuja kutuona. Mtoto sasa hivi anaendelea vizuri na ameanza kutembea bila magongo. Mungu akubariki akuzidishie palipopungua. Ahsante sana sana tena sana."

Ni meseji nzuri, sisemi mbaya, imetoka moyoni kabisa. Ila ina herufi zaidi ya 850 ukihesabu na nafasi. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160, na ukizidisha hapo simu inaikata vipande na kila kipande kinabaki na herufi 153 tu, kwa sababu zile saba zinatumika kuiambia simu ya upande wa pili vipande viungwe vipi. Kwa hiyo shukrani ya mama ilikuwa meseji sita. Hela ya meseji sita sio kitu kikubwa kwa mwenye bando, tatizo ni kwamba wifi naye kwenye simu ndogo anasoma kwa kushusha, kushusha, kushusha. Na hebu angalia herufi 160 za mwanzo zinaishia wapi: zinaishia kwenye "Dhumuni la ujumbe huu ni". Yaani meseji nzima imeisha na neno la shukrani bado halijaonekana.

Hiyo 160 nayo ina historia yake. Miaka ya 1980 walipokuwa wanapanga mfumo wa simu za mkononi Ulaya, injinia mmoja Mjerumani anaitwa Friedhelm Hillebrand alikaa na taipuraita mwaka 1985 akaandika sentensi za kawaida tu za watu na kuhesabu, akaona karibu zote hazizidi 160, na akaangalia postikadi akaona nazo watu wanaandika kwa ufupi huo huo. Kwa hiyo kipimo cha meseji kina undugu na kikadi kidogo tangu mwanzo, ndo maana mbinu za huku zinafaa na kule.

Sasa namna ya kubana. Watu wengi wanaanza juu wanafuta neno moja moja, wanatoa "sana", wanatoa "yangu", wanatoa "mpendwa", na hapo ndo shukrani inapopoa, kwa sababu wanafuta vitu vidogo vyenye joto na kuacha vitu vikubwa visivyo na joto. Mimi nafanya kinyume. Simu naiweka pembeni kwanza, namuuliza mtu swali moja, nikamuuliza mama, "Mama, ukikumbuka kule Shangani, ni kitu gani kinakujia cha kwanza?" Hakufikiria hata kidogo. Akasema, "Maji mwanangu. Kabla hata hakujaadhiniwa nasikia sufuria inagonga jikoni, najua anamchemshia mtoto maji, na uji anauweka kwenye chupa ya chai, halafu yeye huyo anaondoka kazini hata hajala."

Hapo nikajua meseji tumeipata. Kitu hicho kimoja kilikuwepo kwenye ile ndefu, ila kilifunikwa katikati ya "ulitupokea vizuri" na "ulitupatia chumba", na mtu akisoma haraka anakipita. Kumbe chumba hata nyumba ya wageni wanatoa. Maji ya alfajiri kabla ya kwenda kazini ni mtu mmoja tu duniani aliyemfanyia huyu mtoto, na wifi akiona yametajwa atajua kuwa alionekana. Watu wanaosaidia hivi huwa hawajui kama ulikuwa macho unasikia.

Tukaanza kujenga kutokea kwenye maji, kwenye ukurasa mtupu, halafu tukarudi kwenye ile ndefu kuangalia nini kingine kinastahili kuingia. Nikamwonyesha vipande kimoja kimoja.

"Dhumuni la ujumbe huu" ni ya barua ya shule, tumefundishwa wote, ila wifi hahitaji kuambiwa dhumuni, ataliona. "Kipindi chote tulichokuwa hapo kwako Shangani wakati wa matibabu" haya ni maelezo ambayo anayeandikiwa anayajua kuliko mwandishi, nyumba ni ya kwake. Hili ndo linalokula nafasi kuliko yote kwenye shukrani ndefu, mtu anamsimulia mwenzie mambo ambayo mwenzie alikuwepo. Nikamwambia mama neno "yale" linatosha, ukisema "yale maji" tayari wifi anajua maji yapi, ya nyumba ipi, ya kipindi kipi. Kwa herufi nne umerudisha habari yote.

"Samahani nimechelewa" na habari ya korosho na chaji, hapa mama alinibishia kidogo, alisema ataonekana hana adabu kukaa kimya muda wote ule. Nikamwambia radhi ni kitu kizuri lakini kwenye sehemu ndogo inageuza mada, wifi badala ya kusoma shukrani anaanza kusoma shida zako, na pengine akajisikia vibaya kuwa ulikuwa unahangaika. Radhi mpe kwa kupiga simu. Salamu za shemeji na majirani nazo hivyo hivyo, zile ni kazi ya simu, na kuna sababu nyingine: ukishukuru mtu mmoja halafu ukaweka na "wote" na "wote", ile ahsante inagawanyika, yeye anabaki na kipande. Kama majirani walifanya jambo nao watafutiwe yao.

"Sina cha kukulipa" na "hata mama yangu mzazi asingefanya zaidi" ni maneno matamu, sijasema yatolewe kwa sababu ni mabaya. Ila ni maneno ambayo kila mtu anayaandika, yanaweza kwenda kwa mtu yeyote. Nikiwa na shaka na sentensi najiuliza kama ukiitoa jina ukaituma kwa mtu mwingine kabisa, itaeleweka? Kama itaeleweka, hiyo ndo ya kwanza kutoka nafasi ikibana. Dua nazo zilikuwa tatu, Mungu atakulipa, Mungu akubariki, akuzidishie. Tukabakiza moja. Dua haitolewi yote, kwetu huku shukrani isiyo na dua inasikika kama risiti ya dukani, lakini moja inatosha na ikae mwisho.

Kitu ambacho mama mwenyewe hakukitegemea ni kwamba habari ya mtoto kutembea nikaitoa kule chini kabisa nikaipandisha juu. Kwenye ile ndefu alikuwa ameiweka kama taarifa ya ziada. Kumbe kwa shangazi aliyemuuguza hiyo ndo shukrani yenyewe, ndo matunda ya yale maji. Na badala ya "mtoto" tukaweka "mwanao", maana kwa shangazi huyo ni mwanae, na neno hilo moja linabeba undugu wote ambao "mpendwa" ilikuwa inajaribu kuubeba. Ikatoka hivi:

"Wifi, mwanao anatembea bila magongo! Yale maji ya moto na uji wa kila alfajiri kabla hujaenda kazini sitayasahau. Ahsante sana. Mungu akuzidishie."

Herufi 146. Mama akaisoma kwa sauti mara moja, akanyamaza, akasema nzuri, ila salamu iko wapi? Wifi ni mkubwa kwake kwa umri, na ni mke wa mtu mzito kidogo wa dini, huwezi kumfungulia meseji "Wifi," kavu kavu. Nikakubali pale pale, alikuwa na haki. Watu wa kubana maneno huwa tunasahau kuwa salamu kwa mkubwa ni sehemu ya joto lenyewe. Ambacho hakihitajiki ni ule mzunguko wa natumaini u mzima na sisi huku hatujambo. Tukaandika "Asalamu alaykum wifi," tukahesabu upya, 162. Imezidi mbili tu.

Hizi mbili ndo zinafundisha. Ningeweza kukata "Asalamu alaykum" ikawa "A.alaykum" kama vijana, lakini kufupisha salamu kwa mkubwa ni sawa na kutomsalimia. Ningeweza kuandika "kbl" na "ahsnt", akakosa kuelewa au akaona nimeandika kwa haraka. Neno zima likitoka linatoka bila kuacha alama, ila neno lililokatwa mkia linaonekana limekatwa, na msomaji anajua kuwa ulikuwa unabana. Kwa hiyo nikamuuliza mama, "sana" ya kwenye "ahsante sana" na "kazini", itoke ipi? Akasema kazini isitoke, kwa sababu ndo inaonyesha alijinyima. "Sana" ikatoka. Hii ndo iliyoenda:

"Asalamu alaykum wifi, mwanao anatembea bila magongo! Yale maji ya moto na uji wa kila alfajiri kabla hujaenda kazini sitayasahau. Ahsante. Mungu akuzidishie."

157. Ukisoma utaona "ahsante" imebaki peke yake bila "sana" na wala haijapoa, kwa sababu uzito umeshabebwa na maji na uji kabla haijafika. Ingekuwa imesimama mwanzoni peke yake ingekuwa baridi kweli.

Kuna mtego mmoja wa simu niuseme maana unawapata wengi. Hesabu ya 160 ni ya herufi za kawaida. Ukiweka kimoyo kimoja tu au kile kikatuni cha mikono ya dua, meseji yote inabadilika inaanza kuhesabiwa kwa mfumo mwingine ambao unabeba 70 tu, na ikizidi kila kipande ni 67. Meseji ya mama ya 157 ukiitia kimoyo mwishoni inakuwa meseji tatu, na kwenye kiswaswadu cha zamani kile kimoyo kinatokea kama kiboksi. Na kuna kingine kinachotuhusu sisi hasa, alama ya ng'. Ukiandika ming'oko au kung'olewa kwa simu ya vitufe inaweka ile alama iliyonyooka, haina shida. Ila ukiandika kwenye kompyuta au ukinakili kutoka sehemu nyingine inaweza kuja ile alama iliyopinda, na hiyo iliyopinda nayo inaiangusha meseji nzima kwenye 70. Utajua kwa kuangalia kile kihesabio pembeni ya sehemu ya kuandikia, kwenye simu nyingi kipo japo nyingine kinajitokeza ukikaribia mwisho, ukiona umeandika kidogo tu na tayari kinasema meseji ya pili, tafuta kimoyo au ng' iliyopinda. Ifute uiandike upya kwa mkono. Na ukibonyeza kushuka mstari mpya nayo inahesabiwa herufi moja.

Kikadi ni ndugu wa meseji ila kina tabia zake. Vile ninavyotengeneza ni vya saizi ya kadi ya biashara, sentimita 9 kwa 5.5, karatasi moja ya manila ya A4 inatoa kumi. Ukiandika kwa mkono unaoonekana vizuri ni mistari mitano, ukijitahidi sita. Kadi haina kihesabio, kwa hiyo dalili ya kuzidi ni ile herufi za mstari wa mwisho zinaanza kubanana na kupinda kupanda pembeni. Huwa namwambia mtu achore kwanza kwenye karatasi ya kawaida boksi la saizi ile ile, aandike kwa penseli humo, ndo aje kwenye kadi.

Tofauti kubwa ni kwamba kadi inasomwa na nyumba nzima. Itakaa juu ya kabati la sebuleni na mgeni yeyote ataishika. Kwa hiyo ugonjwa, kiasi cha hela, jambo la ndani, visiandikwe humo hata kama ndo unavyovishukuru. Mtu aliyekuchangia laki kwenye msiba mwandikie "ulivyosimama na sisi siku ile", yeye atajua. Na kadi mara nyingi inakuja na kitu, kitenge, korosho, mchele, basi kile kitu kimeshasema nusu, usirudie.

Msimu ulipotulia yule mama akaja tena, safari hii na yule kijana mwenyewe, wana mfuko wa korosho za kupeleka Shangani na wanataka kikadi cha kufunga juu yake. Mama akaanza kunitajia maneno, nikamwomba tumwachie kijana aandike mwenyewe, maana kashafika darasa la tano. Kwanza aliandika nusu ukurasa na akaanza na "dhumuni". Nikamuuliza swali lile lile kama nililomuuliza mama, yeye akasema uji, halafu akasema anataka shangazi ajue hakubebwa kuja stendi. Ikawa:

"Shangazi shikamoo. Hizi korosho tumebangua mimi na mama. Nimetembea mwenyewe hadi stendi. Ahsante kwa uji. Mwanao."

Mistari minne kwa mwandiko wake mkubwa. Mama akaniambia pamebaki nafasi, tuongeze "Mungu akubariki". Nikamwambia dua ya mtoto shangazi ataipata mlangoni wakifika kwa sababu wanakwenda kwa miguu yao, meseji ndo ilihitaji dua maana ilienda peke yake. Akaridhika. Nilichoongeza mimi ni peni tu, nilimpa ya kawaida isiyo ya jeli na kadi isiyong'aa, zile kadi za kung'aa zinapendeza ila wino wa jeli haukauki haraka juu yake, ukifunga kamba pale pale "ahsante" inageuka doa.